Kahawa ya Sare

Shangazi yangu alimwambia fundi wa nguo apunguze vipimo. Alisimama katikati ya kibanda cha fundi, nyuma ya soko la Kitengela, tepu imemzunguka kiunoni, na fundi aliposoma namba kwa sauti yeye akasema, "Hiyo toa. Shona ya mwili unaokuja."

Fundi alimtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua ratiba ya mwili huo.

"Mama, na huo mwili unaokuja uko wapi saa hii?"

"Uko njiani. Wewe shona."

Ilikuwa sare ya ntheo ya binti yake. Kwetu Wakamba, ntheo ni siku ambayo wakwe wanaleta mbuzi na ndoa inahesabika kuwa ndoa. Wakwe wenyewe walikuwa Wamaasai wa upande wa Kajiado, watu warefu, wembamba, wasio na tumbo hata wakishiba, na nadhani hapo ndipo shida ilipoanzia. Shangazi alikuwa amekwenda kuwasalimia, akakaa nao kwenye picha, na picha ikarudi kwenye simu yake. Aliiangalia sana. Tangu siku hiyo wanawake wote wa upande wetu, pamoja na wenzake wa kanisani, waliamriwa kushona kitenge kimoja, na kila mmoja ashone kwa imani. Mimi nilikuwa mwanamume pekee aliyeingizwa kwenye imani hiyo. Shati langu lilishonwa kwa kifua nilichokuwa nacho kidato cha nne.

Nieleze nilikuwaje wakati huo, ili mtu asishangae yaliyofuata. Nilikuwa na digrii ya takwimu na sikuwa na kazi. Nilikaa kwa shangazi, mwalimu mstaafu mwenye duka la nafaka, nikimpimia wateja maharagwe na kutuma maombi ya kazi kati ya kilo moja na nyingine. Shangazi aliniita Bwana Digrii mbele ya wateja. Kitambi nilikuwa nacho. Na nilikuwa na wasiwasi, si ule wa kawaida wa mtu asiye na kazi, bali wasiwasi wenye bidii, unaoamka mapema kuliko mimi. Nikisikia jirani ana shida ya figo, figo zangu zilianza kujitambulisha. Niliwahi kupelekwa hospitali nimeshika ubavu, nikiwa nimeshamtumia mama ujumbe wa kumwomba msamaha kwa yote. Yalikuwa maharagwe. Daktari alisema neno hilo moja, "Maharagwe," na shangazi alilirudia njia nzima mpaka nyumbani.

Kwa hiyo neno langu juu ya afya, katika nyumba ile, halikuwa na soko.

Kahawa ililetwa na shangazi mwenyewe. Alikuwa ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp na mwenzake wa kanisani, na ndani ya kundi kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Kocha. Hakuna aliyewahi kumwona Kocha uso kwa uso. Alituma picha za viuno. Kiuno cha kabla, kiuno cha baada, na katikati mshale. Mzigo ulikuja na pikipiki, boksi la kijani lenye picha ya jani, na juu ya jani maneno: asili tupu, haina madhara yoyote. Ndani kulikuwa na vipakiti vya kahawa ya unga, kimoja kwa siku, kabla ya chai ya asubuhi.

Mimi husoma maandishi ya kila kitu, hata ya dawa ya meno. Nililigeuza boksi lile. Upande mmoja ulikuwa na herufi nisizozijua. Upande mwingine kulikuwa na Kiingereza kidogo sana, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kikisema isinywewe na mjamzito, wala mtoto, wala mtu mwenye ugonjwa wa moyo, presha au aliyewahi kupata kiharusi. Tarehe ya mwisho ilikuwa kwenye kijikaratasi kilichobandikwa juu ya kitu kingine. Nilitafuta jina la kiwanda, nikakosa. Nilitafuta namba ya toleo, ile inayopigwa muhuri kwenye kila boksi la dawa, nikakosa.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Kahawa yenye masharti ya dawa, isiyo na baba wala mama. Lakini mimi nilijijua. Nilijiambia: hebu tazama, umeanza tena. Watu wanakunywa kahawa, wewe unasoma boksi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuamua kutofikiria sana, na nilijivunia. Nikachemsha maji.

Ilifanya kazi siku ile ile. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu shangazi alipika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na mimi sijawahi kuuacha muthokoi wa shangazi. Niliutazama kama mtu anavyotazama ukuta. Njaa haikuwa imepungua, ilikuwa imetoweka, kama taa iliyozimwa. Shangazi naye alirudisha nusu ya sahani jikoni, na akasimama pale na sahani mkononi akicheka kama msichana.

"Unaona? Siku ya kwanza! Na wewe na midomo yako."

"Sijasema kitu, Anti."

"Ulikuwa unasema na macho."

Jumapili alitoa ushuhuda kanisani. Sijui kama kahawa ilistahili ushuhuda, ila baada ya ibada wanawake sita au saba walimzunguka kwenye kivuli cha tangi la maji na yeye akawaingiza wote kwenye kundi la Kocha.

Kisha usingizi ukanitoroka. Mdomo ulikauka hadi ulimi ukawa unabandika. Choo nacho kilikuwa habari nyingine ambayo nitaiacha. Lakini kubwa lilikuwa moyo. Nikiwa nimekaa tu nyuma ya mzani, bila kubeba chochote, ulianza kukimbia kama mtu anayechelewa mtihani. Niliweka vidole shingoni nikahesabu. Nilihesabu tena, kwa sababu mtu wa takwimu haridhiki na kipimo kimoja. Mteja mmoja alisubiri kilo yake ya ndengu mpaka akaniuliza kama ninasali.

Mnadhani nilishuku kahawa? Nilishuku kila kitu isipokuwa kahawa. Nilishuku kwamba ni wasiwasi wa kukosa kazi. Nilishuku valvu ya moyo. Kwa siku nzima nilishuku kwamba nampenda yule msichana wa duka la simu lililo mkabala, maana moyo ulikimbia alipopita, mpaka nilipogundua unakimbia pia akipita muuza maji. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Shangazi angesema maharagwe.

Kwenye kundi, mwanamke mmoja aliandika kwamba anasikia kizunguzungu. Kocha alijibu mara moja, kwa moyo mwekundu na misuli: hiyo ni sumu inatoka mwilini, mpendwa, endelea. Mwingine akaandika kwamba halali. Kocha akajibu: hiyo ni nguvu mpya. Nilisoma majibu hayo nikaona hakuna ugonjwa duniani ambao Kocha asingeufanya kuwa habari njema.

Kilichoniokoa ni Magadi. Nilikuwa na usaili huko wa kazi ya karani, na binamu yangu anayeishi kule akaniambia nije mapema nikae kwake. Vipakiti nilivisahau mezani. Magadi kuna joto la kumfanya mbuzi alale kivulini akilalamika. Sehemu ambayo mtu yeyote ana haki ya kuugua. Mimi nilipona. Baada ya siku mbili hivi nililala kama gunia, nilikula ugali wa binamu na sehemu ya ugali wa mkewe, na moyo ukarudi kufanya kazi yake bila kunijulisha. Kazi sikuipata. Waliniuliza udhaifu wangu ni upi, nikajibu kwa muda mrefu.

Niliporudi Kitengela nilikunywa kipakiti kimoja asubuhi. Kabla ya saa ya chakula cha mchana, moyo ulikuwa mbioni.

Hapo ndipo digrii iliponisaidia kwa mara ya kwanza tangu kuvaa joho. Ukiweka kitu kikatokea, ukakitoa kikaacha, ukakirudisha kikatokea tena, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua pa kutazama. Nilikaa nyuma ya mzani nikaogopa. Kisha nikaogopa zaidi, kwa sababu nilikumbuka kitu ambacho mtu asiyejifikiria yeye tu angekikumbuka tangu mwanzo. Shangazi ana presha. Anakunywa vidonge vya presha kila asubuhi, na sasa anaviteremshia na kahawa ile.

Nilichukua boksi nikaenda kwenye duka la dawa la njia ya stendi, ambako mfamasia ni dada wa rika langu, asiyecheka kirahisi. Mbele yangu alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye koti zuri, aliyeegemea kaunta kama mtu anayetaka kuinunua yote.

"Dada, mko na ile asali?" alisema chini chini.

"Asali gani?"

"Ile ya pakiti. Ya… nguvu."

"Hatuuzi."

"Naulizia mzee wa ploti yetu. Alipewa moja na rafiki yake, akasema iko sawa sana. Dakika kidogo tu, imeshafanya kazi."

Mfamasia aliweka kalamu chini. "Huyo mzee anakunywa dawa ya moyo?"

"Hapana. Iko tu ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana."

Niliona uso wake ukibadilika. "Nisikize, baba. Mwambie huyo mzee asiguse hiyo kitu tena. Asali haifanyi mtu hivyo kabla chai haijapoa. Kitu cha hivyo mara nyingi kimewekwa dawa, ile ya wanaume inayouzwa na cheti cha daktari, na hawajaiandika. Ukichanganya na hiyo ya chini ya ulimi, presha inaanguka ghafla na mtu anaanguka nayo. Na kifua kikimbana baada ya kulamba hiyo asali, asijitibu nyumbani. Aende hospitali na aseme alikula nini. Asione haya."

"Lakini wameandika ni ya miti shamba."

"Nani ameandika?"

Mwanamume aliniangalia mimi, akaona boksi langu la kijani, na nadhani alidhani mimi pia ni mzee wa ploti fulani. Alinipa ishara ya pole akatoka.

"Na wewe?" mfamasia aliuliza. "Wewe pia ni ya mzee wa ploti?"

"Ni ya shangazi. Na yangu."

Alilichukua boksi, akaligeuza kama nilivyoligeuza mimi, kwa mpangilio ule ule, na nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Akaniuliza njaa iliisha baada ya muda gani. Siku ile ile, nikasema. Akaniuliza kama muuzaji ana duka. Ana namba ya simu, nikasema. Mkilalamika anasema nini? Anasema sumu inatoka. Alitikisa kichwa. Akabandua kijikaratasi cha tarehe kwa ukucha, na chini yake hakukuwa na chochote, kartoni tupu ya kijani.

"Mimi siwezi kukuambia ndani kuna nini," alisema. "Hiyo ni kazi ya maabara, haionekani kwa macho wala kuonjwa. Lakini kuna dawa ya kuzima njaa, sibutramini, iliondolewa sokoni nchi nyingi sababu ya moyo na kiharusi. Inapatikana sana kwa chai na kahawa za hivi. Inapandisha presha, moyo unakimbia, mdomo unakauka, usingizi unaisha. Wewe uko na gani kati ya hizo?"

"Zote."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Nilidhani ni mimi."

Alinirudishia boksi. "Huyo shangazi mlete nimpime. Na hii usitupe. Chukua zile hazijafunguliwa, weka vizuri na boksi yake, nitaandikia mamlaka ya dawa. Na aache kahawa, lakini vidonge vyake vya presha asiache. Unasikia? Watu wanachanganyanga hapo."

Nilirudi dukani nimeshapanga hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Shangazi alinisikiliza mpaka mahali niliposema "kuweka na kutoa", kisha akachukua boksi mikononi mwangu kama mtoto anavyonyang'anywa kiberiti.

"Umeenda kunisema kwa chemist."

"Nimeuliza tu, Anti."

"Hii ni kahawa. Kahawa! Babu yako alilima kahawa miaka yote na hakuna mtu alikufa. Wewe ukila maharagwe unaandika wosia, sasa umeona ni kahawa inakuua?"

"Imeandikwa hapa, mtu wa presha asikunywe."

"Hata soda wanaandika vitu. Wanaogopa kushtakiwa."

"Basi twende upimwe tu, ni hapo karibu."

"Nitapimwa kliniki yangu, Kajiado, siku yangu. Sitapimwa na mtoto wa jana kwa sababu wewe umekosa usingizi." Akageuka kwa mteja aliyekuwa akitusikiliza kwa raha. "Karibu mama. Huyu ni Bwana Digrii, usimjali."

Nilijaribu njia nyingine. Nilificha boksi nyuma ya gunia la mtama. Akalipata kabla ya jioni. Nilituma kwenye kundi la Kocha swali la heshima: tafadhali, hii inatengenezwa wapi, na imesajiliwa kwa namba gani? Nilitolewa kundini kabla sijamaliza kulisoma tena swali langu kutafuta makosa. Shangazi aliona nimetolewa. Alinipita na kikombe chake, akipuliza.

Siku yake ya kliniki haikuwa mbali, lakini zilizobaki niliziishi vibaya. Nilimtazama akipanda ngazi. Nilimtazama akiinama kufunga gunia, jinsi alivyotulia kidogo kabla ya kuinuka. Nilijisomea dalili za kiharusi mpaka upande wangu wa kushoto ukaanza kufa ganzi kwa kushirikiana. Siku yenyewe nilimwambia nitamsindikiza Kajiado kubeba mzigo. Hakuwa na mzigo. Alinikubalia hata hivyo, na niliweka vipakiti vitatu na lile boksi, nimelikunjua, ndani ya bahasha ya vyeti vyangu, mahali pekee ambapo nilikuwa na hakika hakuna mtu atakayefungua.

Tabibu wa kliniki ya presha alimfahamu shangazi tangu alipokuwa akifundisha huko, na walisalimiana Kimaasai.

"Sopa, mwalimu."

"Epa. Umenona, daktari."

"Na wewe umekonda." Alimfunga kile kitambaa mkononi, akapiga pampu, akasikiliza. Akafungua, akasubiri, akafunga upande wa pili. Nilimwona akiandika namba, na mimi husoma namba zikiwa zimegeuzwa. Ilikuwa mia moja themanini na kitu juu. Mara ya mwisho, mstari uliotangulia, ilikuwa mia moja thelathini na kitu.

"Mwalimu, vidonge unakunywa?"

"Kila siku! Mimi si mtoto."

"Chumvi?"

"Kidogo. Hata kula sili sana siku hizi."

"Kuna dawa nyingine yoyote unakunywa? Ya duka, ya miti, ya nini?"

"Hakuna."

Na hakuwa anadanganya. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Kwake dawa ni dawa na kahawa ni kahawa, na hakuna daktari aliyewahi kumuuliza kuhusu kahawa. Tabibu alivuta karatasi ya dawa. "Basi hii moja imelemewa. Nitakuongezea ya pili."

Sasa, mahali tulipokaa palikuwa na pazia tu. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na benchi, na benchini watu kama kumi waliomjua mwalimu, wawili walikuwa wanafunzi wake. Kwetu humkosoi mtu mzima mbele ya watu. Unamsubiri nyumbani, unatafuta mjomba, mjomba anatafuta lugha. Nilifikiria kumwita tabibu pembeni. Nilifikiria kumpa ujumbe kwenye simu. Nilifikiria kuzimia, ambako kungeleta swali. Kalamu ilikuwa inaandika. Niliwaza kwamba kidonge cha pili kingewekwa juu ya kahawa, na kahawa ingeendelea, na mimi ningekuwa nimekaa hapa na bahasha mapajani.

"Daktari," nilisema, na sauti ikatoka ya kidato cha kwanza, "mimi nina shida ya moyo."

Wote wawili walinigeukia. Shangazi alifumba macho. "Ngai. Maharagwe," alisema.

"Unakimbia," niliendelea, kwa sababu sikujua jinsi ya kusimama. "Nikikaa tu. Mdomo unakauka. Sikuwa nalala. Nilienda Magadi bila ile kahawa yangu ya kupunguza mwili, ukaacha. Nikarudi nikanywa, ukaanza tena. Nimeacha, umetulia. Ndiyo hii kahawa. Na sinywi peke yangu."

Nilimwaga bahasha mezani. Vipakiti vilitoka pamoja na cheti changu cha digrii, ambacho tabibu alikisogeza kando kwa adabu.

Nilingojea shangazi anikate vipande. Hakunikata. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Wako pia unakimbia?" aliuliza.

"Ndiyo, Anti."

"Ukiwa umekaa?"

"Nikiwa nimekaa."

"Na kama mtu anagonga hapa, kwa shingo?"

"Hapo hapo."

Alishusha pumzi. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu," alisema. "Nilidhani ni mtoto anaolewa. Nilidhani ni uzee umefika." Kisha kwa sauti ya chini, akamwambia tabibu, si mimi: "Juzi nilishika mlango wa duka nikangoja upite. Sikumwambia huyu. Huyu ukimwambia una mafua anachagua jeneza."

Tabibu alisoma nyuma ya boksi, yale maandishi ya sisimizi, akiwa amelishikia dirishani. Alimuuliza yale yale aliyoniuliza mfamasia, hasa jinsi njaa ilivyoisha siku ya kwanza. "Mwalimu, majani hayana haraka hivi," alisema. "Na kitu cha asili tupu kisichodhuru, kwa nini kinaogopa mgonjwa wa presha?" Akaisogeza kando karatasi ya dawa bila kuimalizia. Akasema hawezi kuongeza kidonge kwa presha ambayo huenda ni ya kahawa kabla ya kuona ikitoka mwilini inabaki ngapi, ila hatamwachia aende hivyo hivyo. Wakampeleka akapimwe moyo kwa ile mashine ya nyaya. Wakamkalisha hadi alasiri wakirudia kumpima. Mashine haikuonyesha moyo ulioumia. Aliambiwa aache kahawa, aendelee na kidonge chake, apimwe karibu na nyumbani kila baada ya siku chache, na akisikia kifua kubana, kichwa kupasuka au mkono kulegea, asimpigie Kocha.

Mimi nilimwomba anipime pia. Nilikuwa sawa kabisa. Alinipima mara ya pili nilipomwomba.

Jioni hiyo shangazi alikaa na simu akawapigia wanawake wa kanisani mmoja mmoja. Hakuandika ujumbe, alisema ujumbe unasomwa unavyotaka. "Dada, ile kahawa niliyokuletea, iache leo. Hapana, si kwamba imeisha. Iache. Hata wewe moyo? Na hukusema? Sasa kwa nini hatusemi?" Karibu kila mmoja alikuwa na moyo aliouficha. Mmoja alidhani ni mwito wa kuhubiri. Shangazi aliwaomba msamaha kwa sauti kavu ya mwalimu anayesahihisha swali alilolitunga vibaya yeye mwenyewe, na asubuhi waliniletea maboksi yao dukani nikayapeleka kwa mfamasia. Kocha aliposikia alibadilisha namba. Sijui anauza nini sasa.

Gauni lilirudi kwa fundi likafunguliwe ubavuni. Shati langu nalo. Shangazi hakunishukuru, na sikutarajia; alininunia kwa sababu njaa ilimrudia.

Ilimrudia yote kwa pamoja. Tuliporudi Kajiado kupimwa tena, tabibu alipiga pampu, akasikiliza, akatabasamu kabla hajaandika. Namba za juu zilikuwa zimeshuka hadi karibu na zile za zamani. Kidonge kibaki kile kile. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, nikaweka vidole shingoni nikahesabu, mara mbili.

"Inuka," shangazi alisema akinipita. "Nimeona njaa."

Kuna hoteli ya mabati karibu na lango la hospitali. Aliagiza matumbo na chapati. Alikula kwa utaratibu, akipangusa mchuzi kwa kipande cha mwisho mpaka sahani ikang'aa. Mimi nilimtazama kila tonge, kwa furaha ambayo nilishindwa kuificha usoni.

"Unaniangalia nini?"

"Hakuna, Anti."

"Hii njaa yote ni yako. Ulinileta mwenyewe." Akanyoosha mkono juu ya meza, akavuta sahani yangu. "Hii chapati unakula ama unaifikiria?"